Kifundo kinachokusaliti kwenye mteremko

Kila mwaka Kilimanjaro Marathon inapokaribia, barabara za Moshi hujaa wakimbiaji wa alfajiri, na hapo ndipo mjadala wa miguu huanza upya. Mtu anasimama kando ya barabara ya kupandia Mweka, anashika kifundo chake na kusema, "Huu mguu una tabia ya kuteguka." Wenzake humjibu kwa uhakika wa ajabu. Mmoja humwambia kwamba mshipa umepanda juu ya mshipa mwingine, hivyo aende kwa mchuaji ukashushwe. Wa pili husema mfupa ulitoka kidogo na haukurudi sawasawa, na wa tatu humshauri anunue soksi ya mpira kisha aendelee na mbio. Mimi hufanya kazi ya fiziotherapia, na ninaweza kusema kwamba majibu mawili ya kwanza hayana ukweli, na la tatu lina ukweli nusu tu. Ukweli wenyewe si mgumu kuuelewa, ila unahitaji maelezo kwa sababu kifundo cha namna hii huwa na kasoro mbili tofauti zilizofichwa ndani ya jina moja.

Tuanze na maneno. Katika mazungumzo tunachanganya kuteguka na kutenguka. Kutenguka ni kiungo kutoka mahali pake, jambo ambalo kwa kifundo cha mguu ni ajali kubwa, ambayo kwa kawaida huambatana na kuvunjika kwa mfupa na humpeleka mtu hospitali akiwa amebebwa. Kuteguka, kama ninavyolitumia neno hapa, ni kano kuvutika au kuchanika huku mifupa ikibaki mahali pake. Kano ni utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa. Kwa hiyo mtu anayeteguka kila baada ya wiki chache na kutembea mwenyewe hadi nyumbani hana mfupa uliohama wala mshipa uliopanda. Mchuaji hana cha kurudisha mahali pake. Akimchua kwa nguvu siku ile ile mguu ulipoteguka, anachoongeza ni uvimbe.

Wataalamu hukiita kifundo kuwa na ulegevu sugu pale ambapo angalau miezi 12 imepita tangu kilipoteguka vibaya mara ya kwanza, na bado mwenye mguu anaendelea kuteguka au anahisi mguu unamponyoka ghafla, hasa kwenye ardhi isiyo sawa. Inakadiriwa kwamba hadi watu 40 kati ya 100 wanaoteguka kifundo kwa mara ya kwanza huishia hapo. Kuteguka huchukuliwa kuwa jambo dogo, ilhali linawaachia watu wengi kasoro ya miaka.

Sasa tukiangalie kiungo chenyewe kwa karibu. Ukishika kifundo chako utahisi nundu mbili za mfupa, moja ndani na moja nje. Nundu hizo ni kama meno mawili ya koleo, na katikati yake umekaa mfupa uitwao talasi, unaobeba uzito wote wa mwili kabla haujafika kisiginoni. Jambo la kuvutia ni umbo la talasi: sehemu yake ya mbele ni pana kuliko ya nyuma, kama kabari. Unapoinua vidole juu, sehemu pana huingia katikati ya koleo na kiungo hukazika. Unapoelekeza vidole chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki kati ya nundu, na kiungo kinapata nafasi ya kucheza. Hii ndiyo sababu watu wengi huniambia, "Kupanda sina shida, kushuka ndiko kunanimaliza." Anayeshuka hutanguliza vidole, na wakati huo mifupa haikishiki kifundo barabara, hivyo kazi yote ya kukizuia kisipindukie ndani inabaki kwa kano za upande wa nje na misuli inayopita hapo.

Upande wa nje una kano tatu. Inayoumia kwanza, na mara nyingi peke yake, ni ile fupi iliyo mbele kidogo ya nundu ya nje, inayounganisha nundu hiyo na talasi. Ni dhaifu kuliko wenzake, na kwa bahati mbaya ndiyo inayovutika kabisa pale vidole vinapoelekea chini na wayo kupindukia ndani. Ndiyo maana mahali panapouma baada ya kuteguka huwa karibu kila mara ni palepale, upana wa kidole kimoja mbele ya nundu.

Kasoro ya kwanza hutokea hapo. Kano iliyochanika hupona, lakini inaweza kupona ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa. Yeyote aliyewahi kulala kwenye hema mlimani anajua jinsi kamba iliyovutwa na upepo usiku kucha inavyokuwa asubuhi: haijakatika, imefungwa vizuri, lakini hema linapwaya. Kano inahitaji kati ya wiki 6 na miezi 3 ndipo ianze kushika vizuri, na kwa baadhi ya watu kifundo hubaki kikipwaya hata baada ya mwaka. Mtaalamu hupima hilo kwa mikono: hushika muundi kwa mkono mmoja, akashika kisigino kwa mwingine na kukivuta mbele, kisha akalinganisha na mguu mzima. Ulinganisho huo ni wa lazima, kwa sababu kuna watu wenye viungo laini tangu kuzaliwa ambao vifundo vyao vyote viwili vinacheza bila tatizo lolote.

Kasoro ya pili haionekani kwa kuvuta kisigino, wala haipo kwenye picha ya eksirei. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa London, Michael Freeman, pamoja na wenzake walieleza kwamba kuna watu ambao kano zao zinashika lakini bado miguu yao inawaponyoka. Hoja yao ilikuwa kwamba kano si kamba tu. Ndani yake zimo ncha za mishipa ya fahamu zinazoupa ubongo taarifa kuhusu mguu umekaaje, na kano inapochanika, ncha hizo nazo huchanika. Freeman alipowasimamisha wagonjwa wake kwa mguu mmoja, wengi waliyumba zaidi upande ulioumia, na mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba yakawapunguzia shida.

Tangu wakati huo maelezo yameboreshwa kidogo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukikanyaga jiwe vibaya, misuli ya upande wa nje wa muundi, ambayo kazi yake ni kuuvuta wayo urudi nje, huanza kuitikia baada ya takriban sehemu 50 hadi 80 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, na huhitaji muda zaidi kabla nguvu yake haijatosha. Kuteguka kwenyewe kunaweza kuwa kumeshamalizika ndani ya muda huohuo. Kwa maneno mengine, hata mtu mzima wa afya hawezi kutegemea kushtuka na kujiokoa. Kinachomlinda ni maandalizi: kabla wayo haujagusa ardhi, ubongo umeshaagiza misuli ikaze na wayo ukae sawa. Ni kama kondakta mzoefu wa daladala, ambaye hasubiri breki zishikwe ndipo atafute cha kushika. Mkono wake umeshafika kwenye bomba kabla ya kona. Kifundo kilichoteguka mara nyingi hupoteza maandalizi hayo. Wayo hufika chini ukiwa umepinda ndani kidogo, na hapo kijiwe kidogo kinatosha kuumaliza mwendo.

Mtu mmoja anaweza kuwa na kasoro ya kwanza, ya pili, au zote mbili. Mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, hurekebisha ya pili. Hayafupishi kano, na anayeahidi hivyo anadanganya. Sapoti ya kifundo hufidia ya kwanza kwa muda inapovaliwa, lakini haifundishi ubongo chochote cha kudumu. Wanaobishana kama dawa ni mazoezi au sapoti, kila mmoja anazungumzia kasoro yake.

Tuchukue mfano wa mpagazi, ambaye habari zake nimezikusanya kutoka kwa watu kadhaa wa kazi hiyo ili asitambulike mmoja. Ana miaka 27, anatoka Kibosho, na aliteguka kifundo cha kulia kwenye mpira miaka mitatu iliyopita. Alikandwa kwa maji ya moto, akachechemea siku kumi, akarudi kazini. Tangu hapo ameteguka mara tano, nne kati ya hizo akiwa anashuka Kilimanjaro kutoka kambi ya Barafu kwenda geti la Mweka, mteremko wa takriban mita 3,000 kwa wima, akiwa na mzigo wa kilo 20. Haumwi anapokaa. Anachoogopa ni kukanyaga.

Kwanza kabisa inabidi kujua kama hakuna kitu kingine. Kwa jeraha jipya, madaktari hutumia kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992: picha ya eksirei inahitajika ikiwa mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa nyuma au kwenye ncha ya nundu yoyote kati ya zile mbili, au ikiwa mtu hawezi kutembea hatua nne palepale alipoumia na pia anapofika hospitali. Kuna pia sehemu mbili za katikati ya wayo zinazobonyezwa. Kwa jeraha la zamani, ninachouliza ni tofauti. Je, kuna maumivu ya ndani kabisa ya kiungo yanayobaki hata siku za kupumzika? Je, kifundo hukwama, kama mlango wenye kokoto chini yake? Je, kuna kitu kinachoruka nyuma ya nundu ya nje anapozungusha wayo? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linaweza kumaanisha gegedu la talasi limemeguka, au nyuzi za misuli ya nje zimechanika, na hapo mazoezi peke yake hayatatosha. Mpagazi wetu alijibu hapana kwa yote.

Vipimo vilivyofuata havihitaji mashine. Alisimama pekupeku kwa mguu wa kushoto, mikono kiunoni, akamaliza sekunde 30 bila shida. Kwa mguu wa kulia alishusha mguu wa pili mara tatu, na alipofumba macho hakufika sekunde 5. Kisha alikunja goti kuelekea ukutani bila kisigino kuinuka, huku tukisogeza wayo nyuma kidogo kidogo. Kushoto goti liligusa ukuta kidole gumba kikiwa sentimita 11 kutoka ukutani, kulia sentimita 7. Watu wengi hulipuuza jambo hili la pili. Kifundo kisichokunja vizuri hakiwezi kuifikisha ile sehemu pana ya talasi ndani ya koleo, kwa hiyo mtu anatembea siku zote karibu na hali ya hatari. Mara nyingine "kulegea" anakolalamikia mtu kunaanzia kwenye ukakamavu wa kigimbi.

Mpango wake ulikuwa wa wiki 8, mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara. Wiki mbili za kwanza alisimama kwa mguu mmoja kwenye sakafu, goti likiwa limelegezwa kidogo, sekunde 30 mara tano, karibu na ukuta ili aweze kujishika. Aliongeza kunyoosha kigimbi, na kuvuta wayo kuelekea nje akipingana na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye mguu wa kitanda, mara 15 kwa mizunguko mitatu, akirudisha polepole. Ule mwendo wa kurudisha polepole ndio wenye faida, na ndio watu wanaouruka.

Wiki ya tatu na ya nne alisimama juu ya blanketi lililokunjwa, kisha kwenye sakafu akiwa amefumba macho, kisha akanyoosha mguu wa pili mbele, pembeni na nyuma kama mshale wa saa, akigusa chini kwa ncha ya kidole tu. Wiki ya tano alipata ubao: kipande cha mbao cha sentimita 40 kila upande ambacho fundi seremala alikipigilia nusu ya gogo la mviringo chini yake. Hapo pia alianza kuruka. Anaruka mbele kwa mguu mmoja, anatua, na anaganda sekunde tatu. Kuganda ndiko kunakofundisha maandalizi niliyoyaeleza, kwa sababu hawezi kuganda kama wayo haukuwa tayari kabla ya kutua. Wiki mbili za mwisho alihamia nje, kwenye kijia chenye mizizi na mawe pembeni mwa mfereji, akishuka bila mzigo, halafu na kilo 5, halafu na kilo 10.

Kanuni ya kupanda ngazi ilikuwa moja: hapandi hatua mpaka afanikiwe sekunde 30 mara tatu mfululizo, macho yakiwa wazi, bila kushusha mguu wala kushika ukuta. Makosa yanajionyesha yenyewe ukiyajua. Anayeshikilia sakafu kwa vidole kama kuku juu ya tawi hatumii kifundo. Ambaye nyonga yake inaanguka upande mmoja anaficha udhaifu uliopo juu, na inabidi nyonga nayo iimarishwe. Anayebana pumzi amewekewa zoezi gumu kuliko uwezo wake. Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini kifundo kikivimba jioni ile na kubaki kimevimba asubuhi, hatua ilikuwa kubwa mno.

Je, haya yote yanaleta tofauti inayopimika? Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uholanzi kwa wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka. Waliofanya mazoezi ya mizani nyumbani kwa wiki 8, ndani ya mwaka mmoja waliteguka tena 22 kati ya kila 100. Kwa wasiofanya ilikuwa 33. Mwaka 2014 Waholanzi walilinganisha mazoezi hayo na sapoti. Kundi la sapoti, lililoivaa kila linapocheza kwa mwaka mzima, liliteguka 15 kati ya 100. Kundi la mazoezi peke yake, 27. Kundi lililochanganya vyote viwili, 19. Mtu anaweza kushangaa kwa nini kuchanganya hakukushinda. Jibu ni kwamba kundi hilo lilivaa sapoti kwa wiki 8 za mazoezi tu, kisha likaivua. Ninavyosoma matokeo hayo, sapoti hulinda kadiri inavyovaliwa, na waliovuliwa mapema waliikosa. Jambo moja zaidi: sapoti ilipunguza idadi ya kuteguka lakini si ukubwa wa jeraha pale lilipotokea.

Nikisema sapoti simaanishi ile soksi ya mpira inayouzwa pamoja na mitumba ya viatu. Soksi hiyo hutia joto na humkumbusha mtu kwamba ana kifundo, lakini haizuii wayo kupindukia ndani. Sapoti ya kweli ni ama ya kitambaa kigumu chenye kamba za kukaza na mikanda inayozunguka kisigino, ama ya vipande viwili vya plastiki vinavyosimama pande zote mbili za kifundo kama kuta. Zote huvaliwa juu ya soksi na ndani ya kiatu kinachofungwa kwa kamba, kisigino kikiwa kimerudi nyuma kabisa na wayo ukiwa wima dhidi ya muundi wakati wa kukaza. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, imekazwa mno. Kwa umbo la mguu lisilokubali sapoti ya dukani, Moshi ina bahati ya kuwa na TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi kama hivi. Plasta ya michezo nayo hufanya kazi, lakini baada ya nusu saa hivi ya kukimbia huwa imelegea sana, kwa hiyo si ya mtu wa safari ya saa sita.

Dhana kwamba sapoti hudhoofisha misuli nimeisikia hata kwa makocha. Walipopimwa watu walioivaa kwa wiki kadhaa, misuli yao ya nje haikuchelewa kuitikia kuliko ya wengine. Hofu hiyo inafaa zaidi kwa plasta ngumu inayomfunga mtu wiki sita asikanyage. Sapoti inayoruhusu kutembea, ikivaliwa kazini na kuvuliwa nyumbani, ni kitu kingine.

Kuna ambao vyote hivi haviwasaidii. Mtu akifanya mazoezi ya kweli kwa miezi mitatu hadi sita, akavaa sapoti, na bado kifundo kinapwaya mkononi mwa daktari na kumwangusha, upasuaji ni njia halali. Unaotumika zaidi hutokana na ule ulioelezwa na Broström wa Uswidi mwaka 1966, ambapo kano yenyewe hufupishwa na kushonwa upya. Hata hapo mgonjwa hurudi kwenye ubao unaoyumba, kwa sababu uzi wa daktari hauzirudishi zile taarifa zilizopotea.

Mpagazi wetu hakufika huko. Mwisho wa wiki ya nane alisimama kwa mguu wa kulia sekunde 30, na sekunde 12 akiwa amefumba macho, na goti lake liligusa ukuta kwa sentimita 10. Kisigino chake bado kinavutika mbele kuliko cha kushoto, na kitabaki hivyo. Anapanda bila sapoti. Asubuhi ya kushuka kutoka Barafu huketi juu ya mzigo wake, hufungua buti, huvaa sapoti na kukaza kamba, na akifika kambi inayofuata huilegeza kidogo kwa sababu mguu huwa umejaa. Nilimwambia afanye hivyo kwa mwaka mzima, na mara mbili kwa wiki anapopiga mswaki asimame kwa mguu wa kulia.